Mchoro wa kutawanya vipande kwa kijitabu cha maelekezo: mistari inapotosha wateja, nisaidieni

Fundi_Jomvu

Salamu wakuu. Karakana yetu ipo Jomvu, tunatengeneza mbuzi ya kukunia nazi, ile ya kuzungusha kwa mkono inayobanwa kwenye ukingo wa meza. Zamani tulikuwa tunaiuza ikiwa imeshafungwa. Sasa tunaituma Lamu, Kilifi na Kwale kwa mabasi, na ikisafiri nzima mkono unapinda na boksi linakula nafasi. Mzee ameamua iende vipande vipande na kijitabu cha A5, kazi ya kijitabu nikaangushiwa mimi.

Vipande ni hivi. Mwili wenye kibano chini na bomba juu, ndani ya bomba bushi mbili tumeshazigonga. Shafti iliyochomelewa kichwa cha meno, na nyuma ya kichwa ina bega. Washa ya nailoni inayokaa kati ya bega na bushi ya mbele. Klipu inayoingia kwenye mfereji wa shafti upande wa nyuma. Mkono wenye tundu la mraba, washa ya M8, nati ya M8. Halafu skrubu ya kibano na bakuli.

Nimechora kila kitu kwenye SolidWorks, nikafungua `New Exploded View`, nikatawanya vyote kwenye picha moja, nikaweka `Smart Explode Lines`. Picha inapendeza. Lakini tumewapa majirani wajaribu kufunga kwa kuangalia picha tu, na wengi wanaiweka washa ya nailoni nyuma, kati ya bushi na klipu. Tatizo ni kwamba ikikaa nyuma kila kitu bado kinafunga, klipu inaingia, mkono unazunguka. Ila bega linasaga bushi ya mbele, na baada ya nazi chache unaanza kuona unga wa shaba kwenye bakuli.

Kwenye picha washa iko mahali pake, mbele ya mwili, juu kidogo kwa sababu nafasi ilikuwa finyu. Kwa nini hawaioni?

---

Likoni_3D

Kaka, hao majirani hawajui kusoma mchoro, ndo hivyo tu. Andika kwa maneno "washa ya nailoni MBELE" umalize.

Na hiyo mistari, mbona unahangaika? Mimi natumia Inventor, nafungua faili la `.ipn`, nabofya `Tweak Components`, navuta kipande, mstari unajitokeza wenyewe. Mpangilio wa hatua hauna maana kwenye picha ya karatasi. Ukivuta juu kwanza au mbele kwanza, kipande kinaishia palepale. Mpangilio ni wa video.

---

Kadzo_wa_Mazeras

Jamani nyinyi mnaotengeneza hivi vitu, naomba niseme langu. Nilinunua kabati la nguo la kufunga mwenyewe, kijitabu kina picha moja kubwa kama buibui aliyekanyagwa, mistari huku na kule, na skrubu zote zimo kwenye mfuko mmoja. Shemeji yangu alifunga mlango kwa skrubu ndefu zikatokea upande wa pili. Tafadhali Fundi usitufanyie hivyo. Na hiyo mbuzi bei gani? Mnaleta Mazeras?

---

Fundi_Jomvu

Dada Kadzo bei nitakutumia faragha, Mazeras ni jirani tu.

Likoni_3D, maneno yatakuwepo, lakini mzee anataka mtu asiyesoma pia aweze. Na wewe unavyosema kuhusu mpangilio ndivyo nilivyofikiri, ndiyo maana sikuujali.

---

Bi_Rasimu

Fundi, naomba utuandikie hatua za washa ya nailoni peke yake kama zilivyo kwenye orodha ya `Explode Steps`. Ulianza na upande gani, ikafuata upande gani, na kwa umbali gani?

---

Fundi_Jomvu

Bi Rasimu, nimeangalia sasa hivi. Washa ilikwenda juu milimita 50 kwanza, halafu hatua iliyofuata ikaja mbele milimita 60. Nilipoipandisha iligongana na kichwa cha meno kwenye picha, ndipo nikaisogeza mbele.

---

Bi_Rasimu

Basi jibu umelitoa mwenyewe. Likoni_3D amesema kweli nusu. Ni kweli kwamba kipande kinaishia palepale: 50 juu na 60 mbele, au 60 mbele na 50 juu, nukta ya mwisho ni ile ile. Lakini mstari haujali nukta ya mwisho tu, unafuata njia ambayo kipande kilipita. `Smart Explode Lines` inasoma hatua zako kwa mpangilio wake na kuchora njia hiyo, na huko kwenye Inventor ni hivyo hivyo.

Sasa msomaji anausoma mstari kinyume na ulivyovuta. Yeye yuko kwenye washa iliyo hewani, anaurudisha nyumbani. Kwa mpangilio wako mstari unamwambia: rudisha washa nyuma milimita 60 hadi iwe juu ya mwili, kisha ishushe wima iingie ndani ya mwili. Hakuna washa inayoingia kwenye shafti kwa kushuka kutoka juu, kwa hiyo anabaki na fumbo. Ameona mstari umeshuka hadi kwenye bomba, anajua washa inahusiana na bomba, ila hajui ni ncha ipi. Anachagua nyuma kwa sababu huko ndiko kuna washa nyingine, klipu na nati. Huyo jirani yako amesoma mchoro vizuri kabisa, na mchoro ndio uliomtuma huko.

Geuza hatua hizo mbili. Kwenye orodha ya hatua buruta ile ya mbele iwe juu ya ile ya kupanda. Utaona washa haijasogea hata kidogo, lakini mstari umebadilika: sasa unatoka kwenye uso wa bushi ya mbele, unakwenda mbele sambamba na shafti, halafu ndipo unapanda. Akiurudisha, washa inashuka hadi kwenye mhimili kisha inarudi nyuma hadi uso wa bushi. Hapo hakuna ncha mbili za kubahatisha.

---

Likoni_3D

Sawa Bi Rasimu, hapo umenishika. Kwenye video zangu nilikuwa nazipanga vizuri kwenye `Storyboard` ila sikuwahi kuutazama mstari wenyewe baada ya kupanga.

---

Fundi_Jomvu

Nimegeuza. Wallahi picha ni ile ile ila inasomeka tofauti. Lakini sasa naona tatizo jingine, mstari wa mkono wa kuzungushia hautoki kwenye tundu. Unatokea katikati ya mkono, kwenye chuma kitupu, halafu unakwenda kwenye hewa sambamba na shafti. Nati na washa ya M8 ziko sawa.

---

Bi_Rasimu

Hilo ni la kawaida. Mistari hiyo ya kujichora inaanzia katikati ya sanduku linaloufunika mwili wote wa kipande. Nati na washa zina ulinganifu kuzunguka tundu, katikati ya sanduku lake ndiyo katikati ya tundu, kwa hiyo huoni kasoro. Mkono wako una urefu wa kama sentimita 15 na tundu liko ncha moja. Katikati ya sanduku ni katikati ya mkono.

Fungua kipengele cha kuhariri mistari hiyo, chagua mkono, na badala ya katikati ya sanduku chagua nukta utakayoionyesha mwenyewe. Kwa kuwa tundu lako ni la mraba, halina duara ambalo programu italitafutia kitovu. Ingia kwenye faili la mkono, weka nukta ya rejea katikati ya mraba, hifadhi, kisha rudi uichague hiyo. Ukibofya pembe ya mraba mstari utatoka kando kidogo ya mhimili, na jicho la mtu hugundua mistari miwili isiyolingana hata kama hawezi kusema kasoro ni nini.

Hiyo nukta weka kwenye kila kipande kisicho na ulinganifu. Skrubu ya kibano yenye kishikio cha upande mmoja itakuletea shida ile ile.

---

Baharia_Mstaafu

Mimi nimekaa chumba cha injini miaka mingi, na nimefungua vitabu vya pampu na kompresa hadi kurasa zikatoka mafuta. Nakwambia mchoro mmoja wenye vipande vyote ndio bora. Unaona pampu nzima, kila kipande na namba yake, unajua kipi kimekaa nyuma ya kipi. Tulipokuwa Mbaraki tukisubiri spea, unaonyesha namba kwa kidole, storikipa anaagiza. Sasa naona mnataka kumkatia mtu picha. Mtu mzima hafunzwi hivyo.

---

Bi_Rasimu

Baba, kitabu hicho unachokisifia kilikuwa kizuri kwa kazi yake, na kazi yake ilikuwa kutambua kipande na kukiagiza. Wewe tayari ulikuwa unajua kufungua pampu. Picha moja ya vyote inajibu swali la "hiki ni kipi?" Mteja wa Fundi anauliza "sasa naweka nini?" Hayo ni maswali mawili na kila moja lina mchoro wake. Namshauri Fundi abakize picha yake kubwa, lakini aiweke ukurasa wa mwisho kama orodha ya spea.

Na kuna sababu ya karatasi pia. Fundi, vipimo vyako nimekisia, nirekebishe. Shafti na kichwa chake kama milimita 230, bomba la mwili 80. Shafti lazima itoke yote mbele ya washa ya nailoni, kwa sababu washa inavuliwa kupitia ncha ya nyuma ya shafti. Ukijumlisha na mapengo ya milimita 25 au 30 kati ya kipande na kipande hadi kwenye nati, mhimili wako unafika kama nusu mita. Ukiutazama kwa pembe ya isometriki upana wake kwenye karatasi unapungua hadi karibu 0.7 ya hapo, yaani kama milimita 360. A5 iliyosimama ina upana wa 148, toa pambizo za 10 kila upande, umebaki na 128. Basi mchoro unapungua kwa karibu mara tatu. Washa ya M8 ina unene wa milimita 1.6. Kwenye karatasi yako itakuwa chini ya nusu milimita, karibu sawa na unene wa mstari unaoichorea. Haitaonekana kuwa washa, itaonekana kuwa mstari uliokolezwa.

---

Fundi_Jomvu

Shafti ni 226, umekaribia sana! Na kweli, nilipoichapisha, washa ya M8 na klipu zilionekana kama mikwaruzo.

Sasa nikiigawa, niigawe vipi? Hatua ngapi?

---

Bi_Rasimu

Usianze na idadi. Anza kwa kuifungua mbuzi halisi mezani, polepole, na kila unapoweka chini kitu uliza kama mkono wako umebadilisha kazi. Kwa hii naona nati, washa na mkono zinatoka nyuma, kisha klipu inatoka nyuma kwa koleo, halafu shafti inatoka mbele na washa yake ya nailoni. Kipande cha mwisho kuingia ndicho cha kwanza kutoka. Kwa hiyo hatua zako za kutawanya zinaanza na nati na kuishia na shafti, na kijitabu kinasomwa kutoka shafti hadi nati. Ukifuata hivyo, ukibofya `Animate collapse` utaona vipande vikirudi kwa mpangilio ule ule ambao mteja atafuata. Mimi huutumia uhuishaji huo kukagua tu, hata kama hakuna video. Ukiona kitu kinapenya chuma kurudi nyumbani, kuna hatua iko mahali pasipo pake au upande uliovutwa si wenyewe.

Kwa hiyo picha ya kwanza: mwili, washa ya nailoni na shafti, vyote kwenye mhimili mmoja, mtazamo wa upande wa mbele. Hapo washa haina haja ya kupanda juu tena, kwa sababu mhimili umefupika hadi kama milimita 370 na unaingia kwenye A5 kwa karibu nusu ya ukubwa halisi. Mstari mmoja ulionyooka toka shafti, kupita katikati ya washa, hadi bushi. Yale ya juu kwanza au mbele kwanza yanakufa yenyewe.

Picha ya pili: shafti imeshaingia, hutaitawanya tena. Unatawanya klipu peke yake. Ingawa ni kipande kimoja, ipe picha yake, maana inahitaji koleo na asipoisikia ikiingia kwenye mfereji shafti itamtoka mkononi akiwa anakuna.

Picha ya tatu: mkono, washa ya M8, nati. Ya nne: kibano na bakuli.

---

Kibe_Nyali

Swali la kando. Huwezi kuwa na mitawanyo mingi kwenye faili moja? Mimi nimekuwa nikinakili asembli nzima kwa kila picha, na mteja akibadilisha shimo moja nahariri faili zote.

---

Bi_Rasimu

Usinakili, mwanangu. SolidWorks inakubali mitawanyo kadhaa ndani ya usanidi mmoja. Kwenye `ConfigurationManager` bofya kulia jina la usanidi, chagua `New Exploded View`, fanya hatua za picha ya kwanza, funga. Rudia kwa ya pili. Ipe kila moja jina la maana, kama Picha1, Picha2, usiiache na jina ililopewa na programu. Mtawanyo mmoja tu ndio unaofunguka kwa wakati mmoja.

Vipande ambavyo havijafikiwa, kama mkono na nati kwenye picha ya kwanza, vifiche kwa `Display State`, si kwa kuvifuta. Halafu kwenye mchoro, kila mwonekano unauchagulia mtawanyo wake na hali yake ya kuonyesha. Ukibadilisha shimo kwenye mwili, picha zote nne zinajisasisha.

Kuna jambo moja la kuangalia. Mistari ile uliyoichora kwa mkono kwa `Explode Line Sketch` imeshikilia kingo za vipande. Ukibadilisha kipande, tuseme ukauzungusha ukingo wa tundu, ukingo ule wa zamani haupo tena na mstari unabaki bila mwenyewe. Kwa hiyo baada ya mabadiliko yoyote fungua kila mtawanyo uutazame. Ile ya kujichora haina tabia hiyo sana, ndiyo maana naanza nayo, na pale tu ninapotaka kuukunja mstari kwa namna isiyofuata hatua ndipo naivunja iwe mistari ya kawaida niihariri. Ila ukishaivunja haifuati tena hatua zako.

---

Kibe_Nyali

Asante Bi. Na kwa sisi wa programu za bure? FreeCAD ilipofika toleo la 1.0 mwaka 2024 walileta benchi la `Assembly` na lina zana ya kutawanya. Kuna aliyeitumia kwa kijitabu cha kweli?

---

Likoni_3D

Nimeigusa. Kila msogeo unaingia kama hatua yake chini ya mtawanyo, kwa hiyo darasa la Bi Rasimu la mbele kwanza linafanya kazi hapo pia. Kwa uchapishaji wa mwisho sijaifikisha mbali, nimebaki Inventor.

---

Fundi_Jomvu

Nimefanya picha ya kwanza na ya pili. Maswali mawili. Picha ya kwanza nimetazama toka mbele, lakini klipu na mkono viko nyuma. Nikitazama toka mbele vinafichwa na mwili. Nigeuze mtazamo?

La pili, mistari ikitoka kwenye mashine ya kutoa kopi inapotea. Mzee anachapisha nakala mia kwa mia mjini kwa kopi, si kwa kiwanda.

---

Bi_Rasimu

Geuza mara moja tu, kati ya picha ya kwanza na ya pili, na uweke mshale mkubwa uliopinda unaoonyesha mwili ukizungushwa. Kisha ubaki upande huo wa nyuma hadi mwisho. Kinachochanganya watu ni kurudi mbele, kurudi nyuma, kila picha. Na tafuta alama moja isiyo na ulinganifu kwenye mwili, kama kishikio cha skrubu ya kibano, ionekane kwenye picha zote mbili. Bila hiyo bomba la mbele na bomba la nyuma ni duara lile lile, na tumerudi kwenye tatizo la washa ya nailoni.

Kuhusu kopi, mistari ya njia iwe myembamba kuliko ya vipande, lakini isiwe nyembamba mno. Milimita 0.18 inaonekana vizuri kwenye skrini na kufa kwenye kopi. Mimi huweka 0.25 kwa njia na 0.5 kwa mzingo wa vipande. Aina ya mstari utaikuta kwenye `Document Properties`, `Line Font`, `Explode Lines`. Tumia wa kukatika kwa vistari virefu na nukta. Usitumie vistari vifupi vitupu, maana hivyo mafundi wanavisoma kama kingo zilizofichika. Na usitegemee rangi nyekundu, kopi haina nyekundu.

---

Baharia_Mstaafu

Hapo kwenye rangi nakuunga mkono. Lakini Bi, namba. Mnazipangaje? Kitabu changu cha zamani namba ya kipande ni ile ile kitabu kizima. Kama nati ni 8, ni 8 kila ukurasa. Sasa picha nne, kila moja ina 1, 2, 3 zake, mtu akipiga simu Jomvu akasema "namba 2 imevunjika" mtamtumia nini?

---

Bi_Rasimu

Hapo baba uko sahihi kabisa. Namba ya kipande iwe moja kijitabu kizima, na itoke kwenye jedwali la vipande la asembli nzima. ISO 6433 ndiyo inayoongoza namba za vipande kwenye michoro, na kwa macho yangu kinachosaidia zaidi ni viduara vyote viwe na ukubwa mmoja na vipangwe kwenye mstari mmoja, wima au mlalo, nje ya mchoro. Mistari ya viduara isiende sambamba na mistari ya njia, la sivyo mtu atafikiri kiduara nacho ni kipande cha kuingiza.

Hatua zenyewe ziwe na namba kubwa pembeni mwa picha, ndani ya mraba, tofauti na viduara.

---

Likoni_3D

Hapo mimi nakataa kidogo. Ukiwa na namba za aina mbili kwenye ukurasa mmoja, mama asiye na mazoea atasema "hatua ya 3, kipande cha 6" akachanganyikiwa. Mimi hatua naziandika kwa herufi, A, B, C. Au naacha namba za hatua kabisa, kurasa zifuatane.

---

Baharia_Mstaafu

Herufi kwa hatua? Sijawahi kuona.

---

Bi_Rasimu

Mimi nimeona zote mbili zikifanya kazi na zote mbili zikishindwa. Kwa vipande tisa kama hivi sidhani kama ni kitu cha kugombania. Wapeni majirani wa Fundi aina zote mbili muone.

---

Kadzo_wa_Mazeras

Na mifuko! Hakuna aliyezungumzia mifuko. Kabati langu lingekuwa na mfuko mmoja kwa kila picha, shemeji asingekosea.

---

Bi_Rasimu

Kadzo ametushinda sote. Fundi, washa ya nailoni isikae mfuko mmoja na washa ya M8 na nati. Ifunge pamoja na shafti, hata kwa kuivisha kwenye shafti yenyewe na kuishikilia kwa gundi ya karatasi. Klipu mfuko wake, wenye namba ya picha ya pili. Washa ya M8 na nati mfuko wa tatu.

---

Fundi_Jomvu

Kuivisha washa kwenye shafti ikiwa inatoka karakana, basi hata picha ya kwanza inapungua, washa na shafti vinakuwa kitu kimoja.

---

Bi_Rasimu

Ndiyo, lakini usiiondoe kwenye picha. Washa ikianguka njiani mtu lazima ajue ilikuwa wapi. Ichore mbali kidogo na bega, pengo la milimita 10 linatosha, ili ionekane ni kipande chake ila inasafiri na shafti. Kwenye orodha ya hatua ivute shafti na washa pamoja kwanza hadi nje ya bomba, kisha hatua ya pili uvute shafti peke yake hizo milimita 10. Washa itabaki imevikwa karibu na kichwa, na mstari kati ya bushi na ncha ya shafti utabaki mmoja. Usifanye kwa kuvuta washa peke yake kwanza, maana itapitia ndani ya kichwa cha meno na `Animate collapse` itakuonyesha hivyo.

---

Fundi_Jomvu

Nimefanya. Picha nne, mistari mitano yote kitabu kizima. Nimewapa majirani wengine ambao hawakuona ile ya kwanza, washa ya nailoni imekwenda mbele bila kuuliza. Klipu ndiyo bado inasumbua. Mmoja ameisukuma kwa bisibisi ikaruka hadi kwa jirani wa tatu, na mchoro hauna namna ya kuonyesha koleo inashikaje. Nimejaribu kuichora koleo yenyewe ndani ya asembli lakini inafunika klipu.

---

Baharia_Mstaafu

Koleo ichore ncha tu, zile pua mbili, mwili wake ukate. Klipu ikuze kwenye duara pembeni.

---

Kibe_Nyali

Au muiondoe klipu muweke pini ya kukunja. Hiyo kila mtu anaijua.

---

Fundi_Jomvu

Pini inahitaji shafti kutobolewa, mzee atauliza nani analipia drili. Ila nitamuonyesha zote mbili, duara la Baharia na pini ya Kibe. Dada Kadzo, mbuzi yako inatoka Alhamisi, iko na mifuko mitatu.